Aliponyamaza Ndipo Aliposikika

Tarehe 9 Machi 2020, Khabane Lame alitimiza miaka 20. Jioni ya siku hiyohiyo, waziri mkuu wa Italia, Giuseppe Conte, alijitokeza kwenye televisheni akatangaza kwamba nchi nzima inafungwa kwa sababu ya korona. Mwezi huo kijana yule alipoteza kibarua chake katika kiwanda kimoja karibu na Turin, alikokuwa akiendesha mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta. Akabaki nyumbani Chivasso, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia. Familia yake ilihamia huko kutoka Senegali akiwa na umri wa mwaka mmoja tu, na ikaishi kwenye nyumba za serikali.

Baba yake alimhimiza atafute kazi nyingine. Yeye akashika simu akaanza kurekodi video fupi na kuzipandisha TikTok kwa jina la Khaby Lame. Leo jina hilo linajulikana hata na watoto wa shule za msingi Mbagala na Kisumu, kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba kwa miezi mingi halikumshtua mtu. Tarehe 22 Juni 2022 alimpita Charli D'Amelio wa Marekani na kuwa mtu mwenye wafuasi wengi kuliko wote katika mtandao huo, akiwa na zaidi ya milioni 142. Kati ya kibarua kilichokufa na siku hiyo ilipita miaka miwili na miezi mitatu. Sehemu ya kwanza ya safari hiyo ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu hapo ndipo lilipo jambo ambalo kila kijana anayerekodi video bila kutazamwa hulitafuta.

Video zake za mwanzo hazikuwa mbaya. Alicheza muziki, alifanya vichekesho, alijirekodi akitazama michezo ya kompyuta. Alizungumza Kiitaliano, na mara nyingi aliweka maandishi ya Kiitaliano chini ya picha. Uso wake ulikuwa uleule tunaoujua leo, wenye macho makubwa yanayosema kabla mdomo haujafunguka. Kipaji kilikuwapo tangu siku ya kwanza, na tofauti kati ya video zile na zile zilizoupindua ulimwengu inatokana na mambo mengine.

Ili kuelewa kilichomkwamisha, ni lazima tujue video inavyosafiri. Mwezi Juni 2020 TikTok wenyewe walieleza jinsi ukurasa wa For You unavyochagua cha kumwonyesha kila mtu. Walisema mfumo hutazama mambo ya aina tatu: anachofanya mtazamaji, kama vile kutazama mpaka mwisho, kupenda, kukomenti au kushea, habari za video yenyewe, kama maelezo yake na sauti iliyotumika, na mipangilio ya simu, ikiwamo lugha na nchi. Mambo hayo hayana uzito sawa. Mtu kuitazama video ndefu kuanzia mwanzo hadi mwisho ni ishara nzito. Mtazamaji na mrekodi kuwa katika nchi moja ni ishara nyepesi. Wakaongeza kwamba idadi ya wafuasi haihesabiwi moja kwa moja katika kupendekeza video.

Kwa maneno mengine, video mpya hupewa nafasi mbele ya watu wachache. Wale wachache wakikaa nayo, hupelekwa kwa wengine zaidi. Wakiipita kwa kidole, huishia hapo. Mchujo huu haumjui Khaby wala haumchukii. Unachouliza ni kimoja: watu hawa walibaki?

Sasa iweke video ya Kiitaliano katika mchujo huo. Anayeielewa atakaa. Asiyejua Kiitaliano atakutana na sauti asiyoielewa na maandishi asiyoweza kuyasoma, naye ataskroli kabla kichekesho hakijafika. Italia ina watu wapatao milioni 59, na nje ya nchi hiyo lugha yao haizungumzwi sana. Kichekesho kinachotegemea Kiitaliano kina ukuta pande zote, hata kiwe kitamu namna gani. Ndani ya ukuta huo kuna maelfu ya vijana wengine wanaocheza muziki na kufanya vichekesho, wote wakigombea macho yaleyale.

Kisha kikatokea kitu kidogo katika simu yenyewe. Mwanzoni mwa Septemba 2020, TikTok waliongeza kitufe kiitwacho Stitch. Kinamruhusu mtu kukata hadi sekunde tano kutoka video ya mwingine na kuunga ya kwake mbele yake, kama fundi cherehani anavyounga kitambaa kwa kitambaa. Kabla ya hapo kulikuwa na Duet, ambayo huweka video mbili ubavu kwa ubavu zikicheza pamoja. Wengi walivitumia vifaa hivi kuimba pamoja au kubishana. Khaby alivitumia kujibu aina moja tu ya video: zile za watu wanaojidai kukurahisishia maisha huku wakiyafanya magumu.

Chukua ile ya ndizi. Mtu anaonekana akimenya ndizi kwa kisu, kwa utaratibu mrefu wa kushangaza. Picha inakatika, anaingia Khaby. Anachukua ndizi, anaimenya kwa mkono kama anavyomenya kila mtu duniani, kisha anageuza viganja juu mbele yake na kuitazama kamera. Hasemi neno. Sura yake inauliza ulichokuwa ukijiuliza wewe mwenyewe: ndugu yangu, kulikuwa na haja gani?

Hayo ndiyo mabadiliko yote. Alinyamaza, akaazima mwanzo wa video kutoka kwa mtu mwingine. Hakununua kamera, hakuhama nyumba, hakuajiri mtu. Kufikia Aprili 2021 alikuwa ndiye mwenye wafuasi wengi kuliko Mwitaliano mwingine yeyote kwenye TikTok. Mwezi Juni mwaka huo walikuwa wamepita milioni 65. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijui mfano wa zama zetu unaoutimiza msemo huo kuliko huu.

Lakini tukisema tu kwamba alinyamaza akafanikiwa, tutakuwa tumemwambia kijana anyamaze, naye atanyamaza na bado hatatazamwa. Inafaa kuuliza kunyamaza kule kulimwondolea mtazamaji mzigo gani. Mimi naona mizigo mitatu.

Wa kwanza ni lugha. Bila maneno, mtu wa Jakarta, wa São Paulo na wa Mwanza wote walifika kwenye kichekesho kwa wakati mmoja. Ukuta wa Kiitaliano ulianguka, na ule mchujo wa mtandao, uliokuwa ukimpa majibu mabaya kila video ilipotoka nje ya Italia, ukaanza kumpa majibu mazuri kila mahali.

Wa pili ni utangulizi. Kichekesho chochote kinahitaji mtu aelezwe kwanza hali ilivyo: nani yuko wapi, anataka nini, kuna tatizo gani. Maelezo hayo hula sekunde, na sekunde za mwanzo ndizo ghali kuliko zote. Zile sekunde tano za kuazima zilimfanyia Khaby kazi hiyo. Mtu akiona ndizi inakatwa kwa kisu, tayari ameduwaa na anataka kujua itakuwaje. Khaby aliingia jukwaani watazamaji wakiwa wameshakaa vitini.

Wa tatu ni uzito wa kuamua. Video zake za mwanzo zilikuwa za aina nyingi, leo muziki, kesho mchezo wa kompyuta. Mtazamaji aliyependa moja hakuwa na sababu ya kuamini kwamba ataipenda inayofuata. Baada ya kuanza kunyamaza, kila video ilikuwa na mwili uleule: ugumu wa kujitakia, suluhisho la kawaida, viganja juu. Aliyeona mbili alijua ya tatu itakuwaje, na alibaki hasa kwa kuingojea ile ishara ya mwisho. Kuingoja ishara ya mwisho ndiko kutazama hadi mwisho, yaani ile ishara nzito ambayo mfumo unaitafuta.

Tazama pia alichokiacha vilevile. Uso haukubadilika, wala ucheshi wa macho, wala kurekodi nyumbani kwa vitu vya kawaida. Miezi ile ya kimya haikupotea bure, kwa sababu ndiyo iliyomfunza kutumia uso mbele ya kamera. Angeanza na Stitch siku ya kwanza, huenda viganja vingeinuka lakini macho yasingesema.

Kuna mfano wa nyumbani unaothibitisha jambo hili kwa njia nyingine. Mwishoni mwa 2021, Kili Paul, kijana wa Kimasai kutoka Mkoa wa Pwani, alijulikana ghafla India kwa video ambazo yeye na dada yake Neema walifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, wakiwa wamevaa shuka na shanga, nyuma yao mandhari ya kijijini. Februari 2022 ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ulimtunuku, na mwezi huohuo waziri mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao katika mazungumzo yake ya redio. Khaby aliondoa lugha yake. Kili aliivaa lugha ya mtazamaji. Njia ni mbili tofauti, ila mlango waliofungua ni mmoja: mtu wa mbali alielewa tangu sekunde ya kwanza bila kutafsiriwa.

Sasa tuulete mfano huu mezani kwetu, maana si kila mtu ni mchekeshaji na si kila kazi inaweza kufanywa kimya. Tuseme kuna binti wa Dodoma anayesuka nywele. Amepandisha video 60 kwa miezi mitano, na kila moja inaishia kutazamwa mara 200 au 300. Video yake ya kawaida ina sekunde 40, na inaanza hivi: "Assalaam alaykum, habari zenu wapendwa wangu, natumaini wote mko salama, leo nimewaletea tena mtindo mwingine, usisahau kunifuata." Hapo sekunde 11 zimepita na hatujauona unywele hata mmoja. Kisha anaonyesha anavyosuka, na mwishoni kabisa kichwa kinageuka tunauona mtindo uliokamilika.

Binti huyu amelelewa vizuri. Kwetu mtu haingii nyumbani kwa watu bila hodi, wala haanzi shughuli bila salamu. Lakini mtu aliyeshika simu kwenye daladala hajafungua mlango bado. Yeye anapita njiani, na salamu ndefu kwa mpita njia humfanya aharakishe.

Atajuaje kwamba tatizo ni hilo na si nywele zenyewe? Simu yake inaweza kumwambia. Akifungua takwimu za video, ataona wastani wa muda ambao watu walitazama, na mchoro wa mstari unaoonyesha watazamaji wanavyopungua sekunde kwa sekunde. Mstari huo ndio daktari wake. Ukiporomoka katika sekunde mbili tatu za kwanza, ugonjwa uko mlangoni: watu hawajui wamekuja kuona nini. Ukienda sawa mwanzoni kisha ukashuka katikati, mlango ni mzuri lakini maelezo yanachosha. Ukidumu hadi karibu na mwisho na bado waliotazama ni wachache, basi walioiona waliipenda, na tatizo liko kwingine, labda katika aina ya watu wanaoletewa video au katika mada isiyowagusa wengi.

Tuseme mstari wake unaonyesha kwamba katika watu 200 walioanza, 130 wameondoka kabla ya sekunde ya nne, na wastani wa kutazama ni sekunde 7 kati ya 40. Jibu liko wazi. Wengi hawajawahi kuuona ususi wake, kwa hiyo hawawezi kuwa wameukataa. Walichokikataa ni sekunde zilizoutangulia.

Basi anachukua video ileile na kubadilisha kitu kimoja. Ile picha ya mwisho, kichwa kinapogeuka na mtindo kuonekana, anaileta mbele kabisa kwa sekunde mbili. Juu yake anaandika maneno machache yanayosomeka kwa mkupuo: "Saa mbili, bila kuvuta kichwa." Kisha anaanza kusuka. Salamu anaihamishia kwenye maelezo chini ya video, ambako haimkwazi mtu. Uzi, mtindo, chumba na mwanga havigusi.

Kwa nini kitu kimoja tu? Kwa sababu akibadilisha mwanzo, muziki, urefu na saa ya kupandisha kwa pamoja, na video ikapata watu 5,000, hatajua kilichomsaidia, na wiki ijayo atakuwa anabahatisha upya. Video moja pia haitoshi kuhukumu, kwa sababu huenda ilikutana na kundi jema au baya la watazamaji wa kwanza. Apandishe saba au nane kwa mpangilio huo mpya, aangalie mstari wa kila moja, alinganishe na nane za zamani. Kama zile sekunde za mwanzo sasa zinabakiza watu wengi zaidi karibu katika kila video, amepata alichokitafuta, hata kama idadi ya watazamaji bado haijapaa. Kubaki huja kwanza, na kusambaa hufuata nyuma yake. Mstari usipobadilika kabisa katika video nane, akubali kwamba mlango haukuwa ndio shida, ahamie kwenye jambo linalofuata.

Kosa linalorudiwa sana hapa ni kusoma namba isiyo na habari. Kijana anaamka anatazama idadi ya wafuasi, anavunjika moyo, anafuta akaunti na kufungua nyingine. Wafuasi ni mavuno, hawasemi mche umekauka kwa kukosa maji au kwa kuliwa na wadudu. Wengine hununua wafuasi. Hao wakawa mzigo, kwa sababu ni akaunti zisizotazama, na kila video mpya ikiletwa kwao wanaipita, kisha mfumo unahesabu kwamba watu wameikataa.

Inabidi pia tuseme ukweli kuhusu mipaka ya jambo hili. Wapo waliorekebisha mlango, wakasafisha kila kitu, na bado watazamaji hawakuvuka maelfu machache. Mtindo wa nywele wa Dodoma hauwezi kumhusu kila binadamu kama ndizi inavyomhusu. Kwa msusi, watu 3,000 wa mji wake ni riziki, maana baadhi yao watakuja kukaa kwenye kiti chake. Video milioni zinazotazamwa Jakarta hazitamletea mteja hata mmoja. Mabadiliko madogo lazima yalenge watu unaowahitaji, na Khaby aliihitaji dunia kwa sababu hakuwa na bidhaa nyingine ya kuuza isipokuwa uso wake.

Na njia ya kuazima ina hatari zake. Waliomwiga Khaby walikuwa wengi mno, na viganja vyao havikuwapeleka popote, kwa kuwa mtazamaji alikuwa ameshamwona mwenye ishara. Kutumia kazi ya mtu kupitia Stitch au Duet, ambako jina lake hubaki likionekana na yeye mwenyewe ameruhusu, ni halali. Kupakua video ya mtu, kufuta jina lake na kuipandisha kama yako ni wizi, na akaunti hufungiwa kwa sababu hiyo.

Tarehe 17 Agosti 2022, wiki nane baada ya kuwa wa kwanza duniani, Khaby Lame alisimama mjini Chivasso akaapishwa kuwa raia wa Italia, nchi aliyoishi tangu akiwa na mwaka mmoja. Kwa miaka yote hiyo aliongea Kiitaliano kama wenzake wa mtaani, na karatasi hazikumtambua. Kwa miezi kadhaa aliongea Kiitaliano mbele ya kamera, na watu hawakusimama. Siku ya kiapo aliongea tena Kiitaliano, maneno machache ya kuahidi uaminifu kwa jamhuri, na safari hii waandishi wa habari walikuwapo kuyasikiliza. Walimjia kwa sababu walikuwa wameshamwona akinyamaza.